Siku ya Kung'oa Nanga: Kaskazi, Kusi na Biashara ya Bahari ya Hindi

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nitaanza na hesabu ya siku.

Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji ule, akaelekea India. Tarehe 18 Mei mabaharia wake waliona milima ya pwani ya Malabari. Walikuwa wamekata bahari yote kwa siku 24. Mwaka huohuo, tarehe 5 Oktoba, merikebu zilezile ziliondoka kisiwa cha Anjediva, kusini ya Goa, kurudi Afrika. Nchi kavu waliiona tarehe 2 Januari 1499, mbele ya Mogadishu. Hizo ni siku 89. Watu wapatao 30 walikufa njiani kwa kiseyeye, na kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi.

Bahari ni ileile, vyombo ni vilevile, mkuu wa msafara ni yuleyule. Kilichobadilika ni tarehe. Leo nataka tuielewe tarehe hiyo, kwa sababu watu wengi wakisikia habari za pepo za msimu hudhani zilikuwa msukumo tu: upepo unavuma, tanga linajaa, chombo kinakwenda. Kwa nahodha zilikuwa kwanza kabisa suala la siku gani uondoke, na siku gani ukikosa ubaki ulipo.

Neno lenyewe linasema hivyo. Msimu limetoka katika Kiarabu, mausim, yaani wakati maalumu uliowekwa kwa jambo fulani, kama mavuno au hija. Wareno walilichukua neno hilo kwa mabaharia wa bahari hii wakalifanya monção. Sisi tuna msimu, na ndani ya msimu tuna majina mawili ya upepo ambayo yametupa hata majina ya pande za dunia: kaskazi na kusi.

Sasa, upepo huu unatoka wapi? Adhuhuri ya jua kali, kanyaga mchanga wa ufukweni kwa miguu mitupu kisha ingia majini. Mchanga unaunguza, maji ni vuguvugu tu, na jua lililovipiga ni moja. Kuna sababu mbili. Kwanza, kilo moja ya maji inahitaji joto takriban mara tano ya lile linalohitajika na kilo ya mchanga mkavu ili vyote viwili vipate joto kwa kiasi kilekile. Pili, joto la mchanga hubaki juu juu, ukichimba kidogo unakuta ubaridi, ilhali bahari huchanganywa na mawimbi na kulisambaza joto hadi makumi ya mita chini. Ndiyo maana nchi kavu hupata joto upesi na kulipoteza upesi, na bahari hufanya yote mawili polepole.

Kwa siku moja jambo hili hutupa upepo wa mchana kutoka baharini na upepo wa usiku kutoka bara. Likuze sasa mpaka liwe la mwaka mzima, na mchanga wako uwe bara zima la Asia. Kuanzia Mei bara hilo huiva. Hewa juu yake huwa nyepesi na kupanda, mgandamizo unashuka, na hewa nzito ya bahari za kusini mwa ikweta huvutwa kuja kujaza nafasi. Hiyo ndiyo kusi. Kuanzia Novemba mambo hugeuka: Asia imepoa, hewa yake ni nzito, nayo humiminika kuelekea bahari yenye joto. Hiyo ni kaskazi.

Lakini hewa haiendi moja kwa moja. Nimekuja na kipande cha karatasi nilichokikata duara na kukibana katikati kwa pini juu ya ubao. Kijana wa mstari wa mbele amekubali kuizungusha polepole, kinyume cha mwendo wa saa, kama dunia inavyoonekana ukiitazama kutoka juu ya Ncha ya Kaskazini. Mimi navuta kalamu kutoka katikati hadi ukingoni. Mmeona mkono wangu, umekwenda sawa kabisa. Tazameni karatasi: mstari umepinda kuelekea kulia. Azungushe upande wa pili, nami nirudie. Umepinda kushoto. Dunia inafanya hivyo kwa kila upepo unaosafiri mbali: kaskazini mwa ikweta unasukumwa kulia, kusini mwake kushoto.

Kwa hiyo kusi huanza safari yake kusini mwa ikweta ikitoka upande wa kusini-mashariki. Ikikaribia pwani ya Afrika, milima na nyanda za juu za Kenya na Ethiopia zinaizuia kuendelea kuingia bara, inasimama kuwa kusi hasa, inavuka ikweta, kisha inapinda kulia na kuelekea Arabia na India ikitoka kusini-magharibi. Ukichora njia hiyo kwenye ramani unapata upinde mkubwa unaoanza karibu na Madagaska na kuishia Malabari. Chombo kinachotoka Malindi mwezi wa Aprili kinapanda juu ya upinde huo. Hakuna haja ya kupigana na upepo mahali popote.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapofanywa. Vitabu vingi vya shule huchora mishale miwili, mmoja wa kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi, mwingine wa kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, na mwanafunzi hubaki akiamini kwamba siku yoyote ndani ya miezi hiyo ni siku ya kusafiri. Sivyo. Pepo hizi mbili hazina nguvu sawa.

Kaskazi ni pole. Milima ya Himalaya inaizuia hewa ya barafu ya Siberia isishuke yote kuja kusini, hivyo inayotufikia ni upepo mkavu na wa wastani, wenye bahari inayosafirika. Kusi haina kizuizi cha namna hiyo, na juu yake ina kuni za ziada: inabeba unyevu wa bahari nzima, na unyevu huo ukigeuka mvua juu ya India hutoa joto linaloipandisha hewa zaidi na kuivuta nyingine kwa nguvu zaidi. Mwezi Juni na Julai, mbele ya Somalia na kisiwa cha Sokotra, kusi huwa miongoni mwa pepo kali na za kudumu kuliko zote duniani. Mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater, aliyechunguza jambo hili Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, alionyesha kuwa kilomita moja hadi moja na nusu juu ya ardhi kuna mto mwembamba wa hewa unaokimbia kasi kuliko ule tunaouhisi chini. Na bahari yenyewe hufuata. Mkondo wa Somalia, ambao wakati wa kaskazi hutiririka kushuka kusini, wakati wa kusi hugeuka kabisa na kukimbia kuelekea kaskazini-mashariki.

Chombo cha mbao hakikuwa na kazi huko mwezi wa Julai. Bandari za magharibi ya India zilipigwa na mawimbi mpaka kuingia kwake kukawa ni kutafuta kuvunjika. Mabaharia Waarabu walikuwa na usemi wao: bahari imefungwa. Kwa hiyo kusi, yenye miezi sita kwenye ramani, kwa nahodha ilikuwa na milango miwili myembamba. Mmoja ni mwanzoni, Aprili na sehemu ya Mei, kabla haijapata nguvu. Mwingine ni mwishoni, mwezi Agosti unapokwisha na Septemba, wakati tunaoita demani, ambapo upepo unatoka upande uleule lakini hasira imepungua. Kati ya milango hiyo unakaa bandarini.

Wafanyabiashara wa Misri ya Kirumi waliutumia mlango wa pili. Waliondoka bandari za Bahari ya Shamu mwezi Julai, wakatoka nje ya Babul Mandab wakiwa na wiki za kutosha kufika Malabari baada ya bahari kuanza kutulia, wakanunua pilipili, wakarudi na kaskazi mwezi Desemba au Januari. Mabaharia wa Arabia na India bila shaka waliujua mlango huo kabla yao.

Tuchukue sasa jahazi moja tulifuate mwaka mzima. Linatoka Sur, Omani, limebeba tende, chumvi na papa mkavu. Linaondoka kaskazi ikishatulia, tuseme katikati ya Desemba. Njia ni kufuata pwani ya Arabia, kuvuka kwenda Somalia, kisha kushuka hadi Lamu, Mombasa, Unguja. Ni kama kilomita 4,000. Chombo chenye upepo wa tezi, yaani wa nyuma, kinaweza kwenda kilomita 200 kwa siku, kwa hiyo siku 20 zinatosha ukienda moja kwa moja. Ukitia nanga hapa na pale kuuza na kutafuta maji, hesabu mwezi na zaidi. Mwishoni mwa Januari lipo Unguja.

Kwa nini lisirudi Februari likishauza? Hapa tutazame tanga. Jahazi lina tanga la pembe tatu lililofungwa kwenye foromali, mti ambao mara nyingi ni mrefu kuliko chombo chenyewe, uliounganishwa vipande kwa kamba. Tanga hilo ni zuri mno kwa upepo unaotoka nyuma au ubavuni. Kwenda dhidi ya upepo ni habari nyingine: ni lazima ubishe, uende mshazari upande huu, kisha ugeuze uende mshazari upande ule. Kila ugeuzapo, foromali lazima lisimamishwe wima mbele ya mlingoti na kuhamishiwa upande wa pili, tanga likipigapiga juu ya vichwa vya watu. Katika upepo wa kufaa mabaharia hodari hulifanya huku wakiimba. Lakini kilomita 4,000 za kubisha, huku mkondo nao unakurudisha nyuma, hakuna nahodha aliyezifikiria. Ungevunja mti au ungechosha watu kabla hujaipita Lamu.

Kwa hiyo jahazi linasubiri, na kusubiri huko si uvivu. Ni miezi miwili au mitatu ya kuuza mzigo kidogo kidogo, kukusanya deni, kurekebisha chombo na kutafuta shehena ya kurudi. Shehena moja ilikuwa boriti za mikoko kutoka deltani Rufiji na visiwa vya Lamu. Arabia na Ghuba hazikuwa na miti ya kutosha ya kuezekea, na boriti moja ilifika kama mita tatu au pungufu kidogo. Ukiingia katika nyumba kongwe za Ghuba, na za mawe za pwani yetu vilevile, utakuta vyumba virefu vyembamba. Upana wa chumba ni urefu wa boriti ukiondoa sehemu inayoingia ukutani.

Machi inapokwisha kaskazi hukatika. Unakuja wakati wa tanga mbili, na jina linaeleza: upepo hauna msimamo, tanga hutegwa huku na huku. Upepo mkubwa ukishalegea, zile pepo ndogo za mchana na usiku ndizo zinazotawala, na hapo ndipo pa kupimia. Kama upepo uliovuma alasiri unakufa usiku na alfajiri unakuja mwingine kutoka bara, msimu haujaingia. Kama unaendelea kutoka upande uleule usiku kucha, siku baada ya siku, msimu umeshika. Anayetoka mapema mno huelea kwenye shwari akimaliza maji ya kunywa. Anayechelewa mpaka Juni hukutana na Sokotra kwenye ubaya wake. Nahodha wetu anatoka Aprili, na mwishoni mwa Mei yuko kwao.

Alizijuaje siku? Si kwa mwezi wa Kiislamu, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo hupungua siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, na baada ya miaka mitatu tarehe yako imeshahama mwezi mzima. Upepo hufuata jua. Ndiyo sababu mabaharia walihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa siku 365 unaohesabiwa siku moja moja, na kwa Waswahili kwa miongo, makumi ya siku kuanzia Siku ya Mwaka. Ahmad ibn Majid, rubani mkubwa wa Kiarabu wa karne ya 15, alipoandika nyakati za kuondoka bandari mbalimbali hakusema mwezi fulani. Alisema siku ya ngapi ya Nairuzi. Binafsi naiona hiyo kuwa ndiyo hazina ya elimu yote ya bahari hii: jedwali la siku, bandari kwa bandari, lililopatikana kwa karne nyingi za watu waliofika na watu wasiofika.

Hesabu hiyohiyo inaeleza ramani ya miji. Kaskazi inapovuka ikweta hupinda kushoto na kuendelea kudhoofika. Ukishapita Kilwa ukaikaribia Rasi ya Delgado huwezi tena kuitegemea. Dhahabu nayo ilitoka bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikifikishwa pwani kwa Sofala, zaidi ya kilomita 1,200 kusini ya Kilwa. Tumwongeze nahodha wetu tamaa: aende Sofala mwenyewe. Anafika Kilwa mwishoni mwa Januari au Februari, anaambaa kushuka kwa pepo zisizo na uhakika, anafika Sofala Machi ikiwa na bahati. Anunue dhahabu na pembe, asubiri kusi imrudishe Kilwa. Akifika Kilwa mlango wa Aprili na Mei unafungwa usoni mwake. Atasubiri demani, au atapoteza mwaka mzima.

Wageni walifanya hesabu hiyo, na watu wa Kilwa pia. Wao walikwenda Sofala kwa vyombo vyao, wakaileta dhahabu Kilwa, wakaiweka ghalani ikimsubiri mgeni mahali ambapo upepo wake unaishia. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta ni mji mzuri, na sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, ana uwezo wa kugawa mali kwa ukarimu. Sarafu moja yenye jina la sultani huyo imepatikana Zimbabwe Kuu. Ibn Battuta mwenyewe aliondoka Kilwa kwa bahari hadi Dhofari, kusini mwa Arabia, yaani njia ya kusi.

Melaka, upande wa pili wa bahari, ilikuzwa na sababu inayofanana. Chombo kutoka Gujarati na chombo kutoka China havikuweza kuvuka bahari zote mbili na kurudi ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo vilikutana pale kwenye mlango-bahari, kila kimoja kikauza na kugeuka na upepo wake.

Turudi kwa Da Gama. Alifika Malindi mwezi Aprili kwa bahati, hakuupanga. Rubani aliyepewa aliujua mlango, nao wakapita siku zake za mwisho nzuri. Walipofika Kalikuti, bandari ya Malabari, mwezi Mei, mvua na mawimbi yalikuwa yanaanza kuifunga pwani ile.

Kurudi kulikuwa jambo jingine. Alikuwa amegombana na wakuu wa Kalikuti, akaondoka mwishoni mwa Agosti, akasogea kaskazini hadi Anjediva, na kwa kuhofia kushambuliwa hakutaka kukaa. Tarehe 5 Oktoba kusi ilikuwa imekufa na kaskazi haijazaliwa. Alitoka katikati kabisa ya tanga mbili. Daftari la safari lililoandikwa na mmoja wa watu wake linasimulia shwari na pepo za mbele, wiki baada ya wiki. Kiseyeye huhitaji wiki nyingi za kukosa matunda na mboga mbichi ndipo kionekane, na ndiyo sababu siku 24 za kwenda hazikuwadhuru. Katika safari ya kurudi fizi zilivimba mpaka zikafunika meno, miguu ikajaa, watu wakafa.

Kisha, katika wiki ya mwisho ya Desemba, daftari linasema Mungu kwa rehema zake aliwaletea upepo, na upepo huo kwa siku sita uliwafikisha mahali pa kuiona nchi kavu. Siku sita, baada ya zaidi ya themanini. Ilikuwa kaskazi, imekuja kwa wakati wake. Kama wangekaa ardhini wakila matunda hadi Desemba ianze, wangefika Afrika karibu siku zilezile.

Tarehe 7 Januari walitia nanga Malindi, wakati ambao vyombo vya Arabia huingia pwani na shehena zao. Siku chache baadaye, njiani kuelekea kusini, waliichoma moto merikebu ya São Rafael. Watu wa kuiendesha hawakuwapo tena.